Picha za menyu kwa akili mnemba: mwenye mgahawa amwandikie nini mtengenezaji?

Swali: *Kaka, salaam alaikum. Nafungua mgahawa wa vyakula vya pwani hapa Tanga, upande wa Ngamiani. Nimempata kijana anayeandika maagizo ya kutengenezea picha kwa akili mnemba, anifanyie picha za menyu. Nilimtumia orodha ya vyakula 22, akaniletea samaki wa kupaka anayeelea kwenye mchuzi wa njano wenye majani, na vitumbua vinavyofanana na donati. Anasema nimwandikie maelezo kamili: vyakula, mandhari, ukubwa wa picha na matumizi. Nimwandikie nini hasa?*

Waalaikum salaam, dada. Chombo cha kijana wako kimefanya kile ambacho vyombo hivi hufanya kila vinapopewa jina la chakula bila sura yake. Vimefunzwa kwa picha nyingi mno pamoja na maneno yaliyoambatana nazo, na humo samaki wa kupaka ni wachache, lakini michuzi ya nazi ya Kihindi na ya Kitailandi imejaa tele. Kikisoma samaki, nazi na manjano, kinafuata njia iliyokanyagwa zaidi. Vitumbua navyo ni vya mviringo, vya kahawia, vimeiva kwa mafuta, basi donati linaonekana ndiye jirani wa karibu. Kuongeza sifa kwenye orodha yako hakutasaidia. Andika kile ambacho jicho linakiona kwenye sahani inayotoka jikoni kwako, kisha andika picha itakaa wapi.

Anza na matumizi, maana ndiyo yanayoamua mambo mengine yote. Picha za menyu ziko za aina mbili, na maelezo yako yazitenganishe tangu mstari wa kwanza. Aina ya kwanza ni picha inayokaa kando ya jina la chakula na bei. Hiyo ni ahadi kwa mteja. Akiona samaki mzima wa kujaa sahani, halafu akaletewa kipande cha mkia, amedanganywa, hata kama picha ilitoka kwenye kompyuta. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na haibagui kati ya picha ya kamera na ya akili mnemba. Aina ya pili ni picha ya hali: jalada, usuli wa ukurasa, bango la nje, tangazo la futari. Hiyo haimwahidi mteja sahani fulani, ina uhuru zaidi.

Kwa picha za aina ya kwanza nina msimamo mmoja, nao nauomba uuandike kama sharti: kila moja ianzie kwenye picha halisi ya chakula chako uliyopiga wewe kwa simu. Vyombo vingi vya sasa hupokea picha pamoja na maneno, kwa hiyo kijana anaweza kukipa picha yako na kukiagiza kibadilishe meza, mwanga na usuli, huku chakula chenyewe kikibaki kama kilivyo. Akianza na maneno matupu, atakuletea sahani nzuri ambayo mpishi wako hajawahi kuipika.

Vyakula 22 havihitaji picha 22. Mteja wa Tanga anakijua kisamvu, anayajua maharage ya nazi, na picha ya wali mweupe haimwongezei hamu. Chagua vyakula 8 hivi: vile ambavyo mgeni havijui kwa jina, na vile unavyotaka viuzwe zaidi. Kwa mgahawa wako ningechagua samaki wa kupaka, pweza wa nazi, biriani, pilau, bada na mchuzi wa samaki, vitumbua, mkate wa mofa na juisi ya ukwaju. Vingine vibaki majina yaliyopangwa vizuri. Menyu ya karatasi moja ya A4, pande mbili, ikibebeshwa picha 22, kila picha inakuwa ndogo kiasi kwamba punje za pilau na za biriani hazitofautiani.

Sasa hizo picha za simu. Pika sahani kwa kipimo kile kile utakachouza, maana samaki mkubwa wa siku ya picha atakuletea ugomvi kila siku ya kazi. Iweke karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima taa za ndani, zima na mwako wa simu, na futa lenzi, kwa kuwa mafuta ya jikoni hufanya ukungu ambao chombo kitaudhania kuwa mvuke. Simama nyuma kidogo na uvute kwa zumu ya mara mbili badala ya kusogeza simu puani mwa sahani. Ukikaribia mno, upande wa mbele wa sahani huvimba na samaki huonekana ana kichwa kikubwa. Piga tatu: ya juu kabisa, ya mshazari kama unavyoiona ukiwa umekaa mezani, na ya usawa wa meza. Piga na ya nne ukiwa umeweka rula pembeni. Hiyo haitachorwa, ni ya kumwonyesha kijana vipimo.

Baada ya picha yanakuja maneno, na hapa ndipo wenye migahawa wengi huishiwa. Kila chakula kipe karatasi yake. Ukiandika "samaki mtamu wa pwani mwenye viungo vya asili", hakuna hata neno moja kati ya hayo linaloweza kuchorwa zaidi ya samaki. Utamu hauonekani, asili haionekani. Jiulize: mtu ambaye hajawahi kufika Tanga, ukimsimulia kwa simu, angeweza kukichora? Hii hapa karatasi ya samaki wa kupaka kama ningeiandika mimi:

> Chakula namba 1: samaki wa kupaka
> Ni nini: changu mzima, ana kichwa na mkia, amechomwa juu ya mkaa, kisha akapakwa rojo zito la nazi na kurudishwa motoni mpaka rojo likashika.
> Ukubwa: samaki sentimita 27, sahani nyeupe ya mviringo mrefu sentimita 34. Mkia haupiti ukingo.
> Ngozi: mikato 3 ya mshazari ubavuni. Mikato imefunguka, nyama nyeupe inaonekana ndani.
> Rojo: rangi ya chungwa iliyopauka, zito, limeng'ang'ania juu ya samaki kama tabaka lenye unene wa milimita 3 hivi. Lina madoa meusi-kahawia pale lilipobabuka. Chini ya samaki hakuna mchuzi. Sahani ni kavu isipokuwa matone machache.
> Pembeni: kilima kimoja cha wali wa nazi, mweupe, punje zinashikana kidogo. Nusu ya ndimu ya kijani, imekatwa kati.
> Visiwepo: limau la njano, majani ya aina yoyote juu ya samaki, uma na kisu, minofu isiyo na mifupa.
> Pembe ya kupigia: mshazari, nyuzi 45 hivi. Kichwa cha samaki kielekee kushoto.
> Picha ya mfano: 01a, 01b, 01c. Ya rula: 01d.

Angalia mstari wa rojo. Huo ndio uliokosekana mara ya kwanza. Mtu wa pwani akisikia "kupaka" anajua kwamba rojo limepakwa juu ya samaki aliyekwisha kuchomwa, na anajua kwamba moto huacha madoa. Chombo hakijui. Kikikuta neno nazi, kinamimina mchuzi bakulini. Ukisema sahani ni kavu chini ya samaki, umeufunga mlango huo. Ukisema kuna madoa ya kubabuka, umekieleza njia ya kupika bila kuitaja. Nao mstari wa kichwa na mkia unazuia kosa jingine la kawaida: picha nyingi za samaki wa mgahawani duniani ni za minofu, kwa hiyo chombo kisipokatazwa kitamkata samaki wako vipande.

Mstari wa vitu visivyotakiwa nao una kanuni yake, na kijana anapaswa kuijua. Ukiandika ndani ya agizo lenyewe kwamba limau lisiwepo, mara nyingi limau linakuja, kwa sababu neno limau limetajwa na chombo hushika majina kuliko makatazo. Baadhi ya vyombo vina mahali maalumu pa kuandika vitu hivyo. Kwa anayetumia Midjourney, kwa mfano, huwekwa mwishoni hivi, pamoja na uwiano wa pande:

```
--ar 4:3 --no lemon, parsley, fork, knife
```

Wewe huhitaji kuyaandika haya. Unachohitaji ni kumpa orodha ya vitu hivyo ikiwa imetengwa na maelezo mengine, ili asiichanganye.

Kwa vyakula vingine, tofauti iko kwenye jambo moja au mawili, na hilo ndilo litakalobeba karatasi nzima. Pilau yetu ni ya kahawia, na rangi yake inatokana na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaiva sana na viungo vizima, wala si manjano. Usipolisema hilo, utaletewa wali wa njano. Andika: punje za kahawia hafifu, kavu, zimeachana, vijiti vya mdalasini na iliki vinaonekana hapa na pale, vipande vya nyama vimejificha nusu ndani ya wali, kachumbari iko kwenye kibakuli cha pembeni. Biriani ni kinyume chake: wali mweupe wenye mabaka ya rangi ya chungwa, na masala yake mazito yamewekwa juu au pembeni, hayakuchanganywa. Chombo kitataka kuvichanganya, kwa hiyo sema wazi kuwa mpaka kati ya wali na masala unaonekana.

Vitumbua viandike kwa umbo kabla ya rangi: mviringo, upana sentimita 7, vinene katikati, kingo nyembamba zilizokauka kidogo, havina tundu katikati, havina sukari ya unga juu. Kimoja kimevunjwa nusu ili vijitundu vya ndani vionekane. Vijitundu hivyo ndivyo vinavyomwambia mtu kuwa huu ni unga wa mchele uliochachuka. Bada ndiyo ngumu kuliko zote. Ukiandika ugali wa muhogo, utapewa viazi vilivyopondwa, vyeupe pe, vina siagi juu. Andika rangi ya kijivu iliyoelekea kahawia, uso laini unaong'aa kama umelowa, unanata na kuvutika, umefinyangwa kuwa donge moja. Kwa bada ningekushauri usijaribu kuchora kabisa: tumia picha yako halisi, na kijana asafishe mwanga na meza tu.

Juisi ya ukwaju inahitaji mstari mmoja: kahawia iliyoiva, haipenyezi mwanga, povu jembamba juu, glasi ndefu isiyo na mguu. Glasi yenye mguu itasomwa kuwa ya mvinyo, na mgahawa wa Ngamiani hauhitaji maelezo hayo kwa wateja.

Tuje kwenye mandhari. Hapa maneno ya hisia hayana kazi: kifahari, tulivu, ya kuvutia, ya Kiswahili. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi. Ukiandika "mazingira ya Kiswahili" au "ya Kiafrika", jiandae kupokea shuka za Kimasai, mbuyu na machweo mekundu nyuma ya samaki wako. Taja vitu vilivyopo mgahawani kwako, kwa idadi: meza ya mninga isiyo na kitambaa, ukuta wa chokaa nyeupe nyuma, mkeka wa ukindu uliosukwa mistari ya zambarau chini ya sahani, na si zaidi ya hapo. Picha ya menyu yenye vitu 3 hadi 4 mbali na chakula inatosha. Ikizidi, jicho linahangaika na chakula kinapotea.

Kisha taja mwanga, na uwe mmoja kwa picha zote 8. Sema unatoka upande gani, ni wa saa ngapi, na vivuli vinalala wapi. Ningeandika hivi: mwanga wa asubuhi wa dirishani, unatoka kushoto, laini, vivuli vifupi kulia kwa sahani. Picha zikiwekwa pamoja kwenye ukurasa mmoja, kivuli kimoja kikilala kulia na kingine kushoto, mteja hatajua tatizo ni nini lakini ataona menyu imeungwaungwa. Mwambie kijana amalize picha moja kwanza, uikubali, halafu aitumie hiyo kama kielelezo cha mtindo kwa zile 7. Asikuletee zote kwa mkupuo. Kosa la mwanga likigunduliwa kwenye picha ya kwanza, linarekebishwa mara moja. Likigunduliwa kwenye ya nane, kazi yote inarudiwa.

Pembe nayo iandikwe kwa kila chakula. Sahani yenye kitu kilichoinuka, kama samaki au kilima cha wali, inapendeza kwa mshazari. Sinia ya biriani ya watu wanne ionekane kutoka juu kabisa, kwa sababu ubora wake uko kwenye mpangilio. Glasi ya juisi na vitumbua vilivyopangwa juu kwa juu vinataka usawa wa meza. Ukiacha chombo kichague, kitachagua mshazari kwa kila kitu, na biriani yako itaonekana kama sahani ya mtu mmoja.

Kuna mambo mawili ya hapa kwetu ambayo kijana hawezi kuyajua usipomwambia. La kwanza ni mikono. Ikiwa picha ya jalada inaonyesha watu wanakula, sema wanakula kwa mkono wa kulia, na uhesabu vidole, kwa kuwa vyombo hivi bado hukosea vidole vinapoingia ndani ya chakula. Halafu mwonye na msanifu wa menyu asiigeuze picha kushoto-kulia ili ikae vizuri kwenye ukurasa, maana mkono wa kulia utageuka wa kushoto na aliyeigeuza hatagundua. La pili ni kanga. Inapendeza sana kama kitambaa cha meza, lakini kanga ina jina lake, na chombo kitaandika herufi zisizosomeka pale penye jina. Mtu wa pwani macho yake huenda hapo kwanza. Tumia kitenge, au agiza kanga iliyokunjwa inayoonyesha pindo tu.

Kwa jalada, kama unataka bahari, usichoreshe. Watu wa Tanga wanaijua ghuba yao na wanajua Kisiwa cha Toten kinavyokaa mbele ya bandari. Ghuba ya kubuni yenye milima ya theluji kwa mbali itakuondolea imani kabla hawajafungua ukurasa. Piga picha halisi, au tumia meza na ukuta wako tu. Jahazi nalo chombo hulichora kama mashua ya Ulaya yenye matanga mawili. Likilazimika kuwepo, eleza tanga moja la pembetatu lililofungwa kwenye foromali inayolala mshazari.

Ukubwa ndio sehemu inayowatisha watu, nayo ni hesabu ndogo. Mchapaji anataka nukta 300 kwa inchi. Chukua milimita za picha kwenye karatasi, gawa kwa 25.4, zidisha kwa 300, utapata pikseli. Picha ya chakula yenye upana wa milimita 80 na kimo cha milimita 60 inahitaji pikseli 945 kwa 709. Picha za vyombo vingi huanza kwenye pikseli 1024 hivi kwa upande, kwa hiyo hiyo inatosha bila kukuzwa. Jalada ni habari nyingine. A4 ni milimita 210 kwa 297, nawe uongeze milimita 3 kila upande za kukatwa na mashine, zinakuwa 216 kwa 303, sawa na pikseli 2551 kwa 3579. Hapo picha ya mwanzo itabidi ikuzwe zaidi ya mara tatu. Ukuzaji hubuni vitu ambavyo havikuwepo, na hilo utaliona kwanza kwenye punje za wali: zinaanza kufanana na minyoo, au zinang'aa kama plastiki. Ndiyo maana jalada liwe la maumbo makubwa, kama meza, ukuta na sinia moja, wala si wali kwa karibu.

Mwandikie uwiano wa kila matumizi, na usikubali picha moja ikatwe kwa kila mahali. Picha ya 4:3 ya samaki aliyelala kwa ubapa, ukiikata iwe ya wima ya 9:16 kwa ajili ya stetasi ya WhatsApp, itabakiwa na upana wa chini ya nusu, na hapo kichwa na mkia vimekwenda. Kwa wima, samaki aagizwe upya: anaonekana kutoka juu, sahani imegeuzwa, kichwa kiko juu. Kwa mgahawa wako ningeandika hivi: picha 8 za chakula, 4:3, za menyu ya karatasi, 3 kati ya hizo pia kwa 9:16, pikseli 1080 kwa 1920, pikseli 250 za juu na 250 za chini ziachwe bila chakula kwa sababu hapo programu huweka jina na sehemu ya kujibu, jalada 1 la 5:7, ambalo linakaribia sana A4, na picha 1 ya hali ya 2:1 kwa bango la nje la mita 2 kwa 1. Bango husomwa kutoka ng'ambo ya barabara, nukta 72 kwa inchi zinatosha, yaani pikseli 5669 kwa 2835.

Sema pia nafasi tupu iachwe wapi. Jalada liwe na theluthi ya juu ya ukuta mtupu, kwa jina la mgahawa. Jina lenyewe, bei na majina ya vyakula visiandikwe na chombo cha picha hata kidogo. Vyombo hivi hukosea herufi za Kiswahili, na hata vikipatia, bei ikipanda mwezi ujao huwezi kuifuta bila kuharibu picha. Maneno yote ayaweke msanifu baadaye.

Rangi zitakusumbua mara moja, wakati wa kuchapa. Skrini inatoa mwanga, karatasi haitoi, kwa hiyo chungwa la rojo na kijani cha ndimu vitafifia vikipita kwenye wino. Usichape nakala zote kabla hujaona karatasi moja, ya aina ile ile na yenye plastiki ile ile ya juu, na uitazame ndani ya mgahawa usiku chini ya taa zako. Plastiki ya kung'aa chini ya taa ya dari huficha nusu ya picha. Isiyong'aa ni ghali kidogo lakini inasomeka.

Mwisho andika jinsi mtakavyokubaliana kazi imekamilika, kabla hujatoa malipo ya awali. Kwa kila chakula kijana akuletee picha 4 za kuchagua, uchague 1, kisha mizunguko 2 ya marekebisho. Marekebisho yaandikwe kwa kuonekana pia: "rojo limefika kwenye sahani, lirudi juu ya samaki" linafanyiwa kazi, "bado haijakaa sawa" halifanyiwi. Msahihishaji wa kwanza awe mpishi, si wewe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua idadi ya vipande na rangi ya kitu kilichoiva. Kisha mwonyeshe picha mhudumu au mteja ambaye hakuhusika, bila jina la chakula. Akisema "samaki wa kupaka" papo hapo, imepita. Akisita au akauliza kama ni mchuzi, irudi.

Kuhusu haki, muulize anatumia akaunti gani. Baadhi ya vyombo haviruhusu picha za akaunti ya bure kutumika kwenye biashara, na vingine huziweka picha hadharani mtu asipolipia faragha, ikimaanisha jirani anaweza kuiona menyu yako kabla hujafungua mgahawa. Akuandikie jina la chombo na aina ya akaunti. Nawe chini ya menyu weka mstari mdogo kwamba jalada limetengenezwa kwa akili mnemba na picha za vyakula zimetokana na sahani za mgahawa. Ni kweli, na mteja akiuliza mhudumu ana jibu.

Vitu vya kukabidhiwa viwe hivi: mafaili kamili ya picha yenye majina yanayoeleweka, kama `01_samaki-kupaka_4x3.png`, maandishi ya kila agizo lililozaa picha iliyokubaliwa, toleo la chombo, na picha ile ya kielelezo cha mtindo. Usiyaache maandishi hayo. Chombo kikibadilishwa toleo, agizo lile lile litatoa mwanga na rangi tofauti, na utakapotaka kuongeza pweza wa kukaanga au vyakula vya Ramadhani, yeyote utakayempa kazi atahitaji kujua alianzia wapi mwenzake. Mafaili yatumwe kwa WhatsApp kama hati, si kama picha, kwa kuwa WhatsApp huzibana picha na mchapaji atapokea kitu kidogo kuliko ulicholipia. Au kijana ayalete kwenye flashi, muyafungue pamoja na kuhesabu pikseli kabla hajaondoka.